Kufunika jina kwenye skrinshoti ya maoni hakutoshi

"Wakuu, mteja anataka skrinshoti za takwimu na maoni ya watazamaji kabla hajalipia tangazo kwenye chaneli yangu ya YouTube. Nikifunika majina inatosha?"

Haitoshi mkuu, hasa kwenye maoni. Kuna mteja aliniomba "maoni yanayogusa" kutoka kwenye video ya sonona baada ya kujifungua. Mtazamaji mmoja alikuwa ameandika kwamba anatumia dawa na mumewe hajui. Hata ningefunika jina lake, skrinshoti ingebaki na kichwa cha video, picha yake ndogo ya wasifu na maneno "siku 3 zilizopita". Mtu anafungua video, anapanga maoni kuanzia mapya, anayashuka mpaka akutane na sentensi ileile, na jina liko hapohapo. Yaani maneno yenyewe ndiyo yanayomtambulisha.

Ni kweli aliyaandika hadharani, lakini aliwaandikia wenzake waliopitia hali hiyo, si muuza bidhaa. Nilimwandikia mteja kwa maneno yangu: "Baadhi ya watazamaji wanasimulia matibabu yao na kuulizana maswali." Maelezo hayo yalimtosha. Ukitaka kunukuu neno kwa neno, chagua oni lisilo na siri ya mtu, kisha mwombe ruhusa. Oni zito usiliombee ruhusa kwa kulijibu pale chini, maana unawaita watu waje walisome. Yale yaliyozuiliwa yakisubiri ukaguzi wako usiyatoe kabisa; hayo hayajaonekana hadharani.

Namna ya kufunika nayo ina mitego. Kalamu ya kuangazia ya kwenye simu hupitisha mwanga: ongeza mwangaza wa picha uone kama maandishi hayajitokezi. Ukungu na vile vimraba navyo si vya kuaminika, kwa kuwa maandishi mafupi yanaweza kukisiwa upya. Mimi naweka umbo la mstatili mweusi tii, kisha napiga skrinshoti ya hiyo picha iliyofunikwa na kutuma hiyo mpya. Kukata pembeni pia kuna hatari. Mwaka 2023 iligundulika kwamba zana za kukatia picha za simu za Pixel na za Windows 11 zilikuwa zinaacha mabaki ya sehemu iliyokatwa ndani ya faili. Zilirekebishwa, ila picha zilizokwisha kutumwa zilibaki vilevile. Na ukikata picha ndani ya PowerPoint, kipande ulichokata bado kimo humo hadi ukifute kwa `Delete cropped areas of pictures`.

Kwa takwimu, angalia safu zenye watu wachache. YouTube huficha baadhi yenyewe, lakini mji wenye watazamaji wanne ukiuweka pamoja na umri na jinsia unaweza kumwonyesha mtu kidole. Iunganishe miji hiyo chini ya "mingineyo".

Mteja akidai ushahidi kwamba namba hujazipika, mfungulie ukurasa wa takwimu kwenye simu ya video aone mwenyewe, ila ukurasa wa maoni usiufungue.