Usiizime, mkuu. Mimi niliizima, nguzo 400 zikaenda kwa jirani

"Wakuu habari zenu. Nipo Mbeya mjini, ofisini tunatumia Thunderbird. Kila nikitaka kutuma imeili inaniuliza kama nimesahau kuambatanisha faili, hata siku ambayo sina cha kuambatanisha. Jamaa mmoja kaniambia niizime tu nipumzike. Inazimwa wapi?"

Huyo jamaa ana uhusiano na fundi wa kompyuta aliyewahi kupita ofisini kwetu Mafinga? Maana maneno ni yale yale. "Zima tu upumzike." Mimi nilipumzika kweli, karibu nipumzike na kazi.

Nilikuwa naandika imeili za yadi moja ya mbao na nguzo. Orodha yetu ya bei ilikuwa faili linaitwa Bei-Nguzo.pdf, na kila wiki nilikuwa nawauliza wateja, "Ile Bei-Nguzo.pdf niliyowatumia juzi mmeipata?" Sina cha kuambatanisha hapo, nauliza tu. Lakini kila nikibonyeza kutuma, kinatokea kidirisha: Did you forget to add an attachment? Chini yake vitufe viwili, "No, Send Now" na "Oh, I did!". Mara tano, mara sita kwa siku. Nikawa nabonyeza "No, Send Now" bila kusoma, kama mtu anayefukuza nzi.

Fundi alikuja kurekebisha printa. Akaniona navyobonyeza, akacheka, akashika mausi bila hata kuomba. Akaingia Settings, akaingia Composition, akaondoa tiki kwenye Check for missing attachments. Nusu dakika. Akasema hicho kitu ni cha watu wasahaulifu. Nikajiona mjanja, nikamlipa na ya soda juu.

Miezi ikapita, na hapo ndipo utamu ulipo, maana kitu kilichozimwa hakikukumbushi kwamba kimezimwa.

Akaja mteja anafungua shamba la parachichi upande wa Njombe. Alitaka bei ya nguzo 400 za uzio zilizotiwa dawa, pamoja na mbao za mbili kwa nne za kujengea ghala. Mwisho wa kupokea bei ni Ijumaa saa sita mchana. Mimi Alhamisi nikashinda na karatasi: vipimo, bei ya nguzo moja moja, gari la kupeleka hadi shambani, sahihi ya bosi, muhuri. Nikaskani kurasa nne, likatoka faili la kama MB 2. Saa kumi na moja jioni, ukungu umeshashuka, vidole vimekufa ganzi, nikaandika imeili safi kabisa: "Tafadhali pokea nukuu yetu ya bei iliyoambatanishwa, Nukuu-Njombe.pdf." Nikabonyeza Send. Ikaenda kimya. Nikafunga ofisi, nikapanda Coaster kwenda Iringa msibani.

Soma tena hiyo sentensi yangu. Ina .pdf ndani yake. Kama ile tiki ingekuwepo, kidirisha kingetokea, na safari hiyo kingekuwa na haki.

Ijumaa saa tatu asubuhi mteja, mtu mwungwana, akajibu: "Hatuoni kiambatisho, tafadhali tuma tena." Mimi niko makaburini, simu imezimika chaji tangu usiku. Jibu lake nililisoma Jumamosi jioni. Kazi ilikuwa imeshachukuliwa na yadi ya jirani, tena yadi ambayo nguzo zao sisi tunazijua (hayo tuyaache). Kamisheni yangu ingelipa ada ya mtoto ya muhula mzima.

Jumatatu nikaanza kwa kulaumu mtandao, kama ilivyo desturi. Nikamwambia bosi faili lilianguka njiani. Bosi akaniambia nifungue folda ya Sent mbele yake, na hapo nikaumbuka. Imeili zenye faili zina alama ya kibanio cha karatasi pembeni, hiyo haina. Ukiiwasha safu ya ukubwa, hiyo ina KB chache tu wakati faili lenyewe lilikuwa MB 2. Imeili haipungui uzito njiani, mkuu. Iliyoko kwenye Sent ndiyo uliyoituma. Bosi hakupiga kelele. Alisema tu, "Kijana, umepeleka bahasha tupu Njombe," kisha akaenda kuangalia lori. Afadhali angepiga kelele.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nalotaka uondoke nalo: usiguse ile tiki. Hariri maneno.

Thunderbird haisomi mawazo yako. Ina orodha ya maneno, na ikiona mojawapo kwenye ulichoandika huku hakuna faili, inashtuka. Maandishi ya mtu unayemjibu, yale yaliyonukuliwa, haiyahesabu, wala saini yako ya chini. Kwa hiyo kinachokusumbua ni neno moja au mawili unayoyaandika wewe mwenyewe kila siku. Na wala huna haja ya kubahatisha ni lipi. Ukiwa bado unaandika, kabla hujabonyeza Send, angalia chini ya dirisha: kinatokea kimstari kinasema Found an attachment keyword, na mbele yake neno lenyewe limetajwa. Mimi nilikaa na kimstari hicho mwaka mzima bila kukisoma. Kingenitajia "Bei-Nguzo.pdf" siku ya kwanza, ningejua mchokozi ni .pdf, na fundi angebaki na printa yake.

Ukishalijua neno, nenda Settings, kisha Composition, shuka hadi uone Check for missing attachments. Hapo hapo pembeni kuna kitufe cha Keywords…. Bonyeza. Utaona orodha: attachment, attach, attached, attaching, enclosed, CV, cover letter, na viishio vya majina ya faili kama .doc, .pdf na .xls. Chagua lile linalokusumbua, bonyeza Delete, basi. Mimi nilifuta .pdf tu. Tiki ikarudi, kelele zikaisha.

Zikaisha mno. Hapa nilipigwa kofi la pili, dogo. Baada ya kufuta .pdf nikawa nakaa kwa amani, mpaka siku moja nikaandika "nimeambatanisha risiti" bila risiti, ikapita kimya. Ndiyo nikaikodolea macho ile orodha. Kiswahili hakimo! Thunderbird yangu ni ya Kiingereza, orodha yake ni ya Kiingereza, na imeili zangu tisa kwa kumi ni za Kiswahili. Kumbe siku zote nilikuwa nalindwa na .pdf peke yake, yule yule niliyemfuta.

Nikajifanya mtaalamu. Nikabonyeza New…, nikaongeza "ambatan", nikiwaza litanasa kila kitu chenye mzizi huo. Halikunasa chochote. Orodha inatafuta neno zima, si kipande cha neno. Ukitazama vizuri, hata Kiingereza chao kimeandikwa attach, attached na attaching kila moja kivyake. Kama kipande kingetosha, attach peke yake ingemaliza kazi. Kiingereza kina bahati, maneno yake ya jambo hili yanahesabika kwa vidole. Sisi kitenzi chetu kinavaa koti, sweta na kofia kama mtu wa Makete mwezi wa saba: nimeambatanisha, tumeambatanisha, nimekuambatanishia, iliyoambatanishwa. Kwa Thunderbird hayo ni maneno manne yasiyojuana. Herufi kubwa au ndogo haijalishi, ila umbo la neno lazima liwe lile lile.

Kwa hiyo nilifungua folda ya Sent, nikasoma imeili zangu za miezi miwili nyuma zenye kibanio cha karatasi, nikaokota maneno ninayoyatumia kweli. Si ya kamusi, ya kwangu. Yalitoka haya, nikayaingiza moja moja kwa New…:

```
nimeambatanisha
tumeambatanisha
nimekuambatanishia
naambatanisha
iliyoambatanishwa
yaliyoambatanishwa
kiambatisho
viambatisho
kiambatanisho
viambatanisho
```

Ya kwako yatakuwa tofauti kidogo. Kuna mtu huwa anaandika "nimekuwekea hapa chini", huyo ana kazi, maana "chini" ukiiweka kwenye orodha utapigiwa kelele hadi kwenye imeili za rambirambi. Neno la orodha liwe lile ambalo ukiliandika, mara nyingi faili lipo. "Kiambatisho" linafaa. "Faili" nililijaribu siku mbili nikalifuta, kwa sababu ofisini tunataja faili hata la kabatini.

Kujaribu ni rahisi na wala hutumi kitu. Fungua imeili mpya, andika "nimeambatanisha", weka nafasi, subiri kidogo. Kimstari kikitokea chini, neno limeingia. Kisipotokea, umekosea herufi au ile tiki bado haipo. Fanya hivyo kwa kila neno. Mimi ndivyo niligundua nimeandika "kiambatsho".

Na usije ukaniambia baadaye sikukwambia: hicho kitu kinahesabu kama kuna faili au hakuna, basi. Ukiandika "nimeambatanisha nukuu na leseni" ukaweka nukuu peke yake, hakisemi neno. Ukiweka picha ya harusi badala ya nukuu, hakisemi neno pia. Kwa hiyo siku hizi nikiwa na faili zaidi ya moja naziweka kwanza, kisha naandika huku nazitazama. Hiyo imenigharimu leseni moja tu, na mteja alikuwa wa hapa hapa Mafinga, nikampelekea kwa bodaboda.

Yule fundi nilikutana naye stendi mwezi uliopita. Akaniuliza printa inaendeleaje. Nikamwambia printa nzima, tatizo ni nguzo. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumwelewesha.

Haya, fungua imeili unayoandika mara kwa mara, tazama kimstari cha chini, uniandikie hapa kinataja neno gani. Nahisi na wewe ni jina la faili lenye .pdf. Kama ni "CV", basi hiyo ofisi yako unataka kuihama, na bosi wako asiuone uzi huu.