Swali moja kila asubuhi, na yasiyojibiwa

"Kila asubuhi namtumia mwanangu swali moja la mitihani iliyopita kwa WhatsApp. Swali lililotumwa likakosa jibu, nalirudishaje?"

Usichague swali la siku kwa tarehe, lisilojibiwa litapotea. Kwenye Google Sheets weka safu A msimbo (mf. UCE 2019 P1/7), B swali, C mara lilizotumwa (anza na 0), D tarehe ya kujibiwa. Kisha F2:

```
=INDEX(SORT(FILTER(A2:D, A2:A<>"", D2:D=""), 3, TRUE), 1, 0)
```

Huleta swali lililotumwa mara chache zaidi. Ukishatuma, ongeza 1 kwenye C, la sivyo kesho utaliona lilelile. D ijazwe jibu likija tu, si tiki za buluu za WhatsApp.

— Mimi hutuma kwa skripti ya saa 12 asubuhi, haihitaji C.

— Inaihitaji, skripti yenyewe ndiyo iongeze. Na kagua majira yawe Africa/Kampala.

— Mwanangu yuko bweni, hana simu, nifanyeje?