Athari ya Fisher mtihanini: mfumko uliotarajiwa na mfumko uliotokea

Swali la riba linalowatatiza zaidi wanafunzi wapya wa uchumi ninaowasomesha hapa Mombasa ni lile linalotaja mfumko wa bei mara mbili: ule uliotarajiwa siku ya kutia saini mkataba, na ule uliokuja kutokea. Kabla hujagusa kikokotoo, jiulize kila tarakimu ilijulikana lini, kwa sababu riba tajwa, yaani ile inayoandikwa kwenye mkataba, hupangwa kwa kufuata matarajio.

Tuseme mfanyabiashara wa soko la Kongowea anakopa shilingi 200,000 kwa mwaka mmoja. Mkopeshaji anataka riba halisi, yaani ile inayobaki baada ya kuondoa athari ya mfumko, ya asilimia 6, na wote wawili wanatarajia mfumko wa asilimia 5, kiwango ambacho ndicho kitovu cha lengo la serikali ya Kenya. Kanuni ya Irving Fisher ni hii, ambapo i ni riba tajwa, r ni riba halisi na πe ni mfumko unaotarajiwa:

(1 + i) = (1 + r)(1 + πe)

Ukizidisha 1.06 kwa 1.05 unapata 1.113, kwa hiyo riba tajwa ni asilimia 11.3. Kujumlisha 6 na 5 ni makadirio yanayofaa viwango vikiwa vidogo, lakini swali likitaka jibu kamili, zidisha.

Sasa mwaka unakwisha na bei zimepanda kwa asilimia 8. Wengi hukimbilia kuandika kwamba riba ya mkopo huu imepanda, ilhali mkataba ulikwisha kufungwa na mkopaji atalipa shilingi 222,600 zilezile. Kilichobadilika ni riba halisi: 1.113 ukigawanya kwa 1.08 ni takriban 1.0306, yaani asilimia 3.06. Hakikisha kwa fedha taslimu: ili mtaji wake ununue bidhaa zilezile, mkopeshaji anahitaji 216,000, hivyo amebakiwa na 6,600 badala ya 12,600 ambazo angebaki nazo mfumko ungekuwa asilimia 5. Aliyenufaika ni mkopaji. (Hata katika murabaha, yaani mauzo ya Kiislamu ya kulipa baadaye kwa bei yenye faida iliyokubaliwa, ambako hakuna riba, bei ikishakubaliwa haipandishwi, na muuzaji hupunjwa na mfumko wa ghafla vivyo hivyo.)

Athari ya Fisher yenyewe, yaani riba tajwa kufuata mfumko unaotarajiwa, huonekana katika mkataba unaofuata. Kila mtu akitarajia asilimia 8, na riba halisi ikibaki 6, riba tajwa mpya ni 1.06 mara 1.08 kutoa 1, yaani asilimia 14.48. Sharti la riba halisi kubaki palepale huaminika zaidi katika muda mrefu. Swali likieleza kwamba benki kuu imeongeza fedha leo na kuuliza kitakachotokea katika muda mfupi, riba tajwa huweza kushuka kwanza, maana fedha zimeongezeka mikononi mwa watu kabla bei na matarajio hayajafuata.