Kuondoa 9 kunavyouzuia mfululizo

“Kaka, niko kidato cha sita, Masasi. 1 + 1/2 + 1/3 + ... haina kikomo. Mwalimu anasema ukifuta kila 1/n ambayo n ina 9 ndani yake, jumla inapata kikomo. Namba zenye 9 si chache tu?”

Mdogo wangu, chache ni kwa namba fupi tu. Kati ya namba zenye tarakimu 100, zisizo na 9 hata moja ni takriban 26 katika kila milioni. Ni kama gunia la korosho linalopita kwa wachambuzi mia, kila mmoja akitoa sehemu ya kumi ya zilizobaki.

Sasa hesabu namba zisizo na 9 kwa urefu. Zenye tarakimu tatu: ya kwanza ina chaguo 8 (si 0 wala 9), kila inayofuata chaguo 9, kwa hiyo 8 × 9 × 9 = 648. Kila moja ni 100 au zaidi, basi 1/n haizidi 1/100, na kundi zima halizidi 6.48. Kundi la tarakimu mbili halizidi 7.2, la tarakimu moja 8. Kila dari ni 0.9 ya iliyotangulia, hivyo jumla yote haizidi

8(1 + 0.9 + 0.81 + ...) = 8/(1 − 0.9) = 80.

Usipofuta kitu, kundi la tarakimu tatu lina namba 900, kila 1/n ikizidi 1/1000: kundi linazidi 0.9, na kila kundi refu zaidi vilevile. Hapo hakuna kinachopungua.

Hiyo 80 ni dari tu. Jumla yenyewe ni karibu 22.92. Mwanahisabati A. J. Kempner alionyesha jambo hili mwaka 1914.