Njaa ya saa kumi jioni

"Dada, niko Lamu, napunguza mwili. Kila saa kumi njaa yanikaba. Ni njaa au kiu? Ninywe maji kiasi gani?"

Mdogo wangu, ulipopunguza wali, mchuzi na matunda, ulipunguza pia maji yaliyomo. Karibu sehemu moja kwa tano ya maji tunayopata hutoka kwenye chakula.

Saa kumi kunywa gilasi moja, ungoje dakika 20. Hamu ikiisha isirudi, yaelekea ilikuwa kiu. Tumbo likianza tena kunguruma, hiyo ni njaa, nawe ule; usiizime kwa maji.

Wengi hutosheka na lita 2 hadi 2.5 kwa siku, chai ikihesabiwa. Ukitoka jasho ongeza. Mkojo uwe manjano mepesi. Usibugie zaidi ya lita moja kwa saa: chumvi ya damu huweza kushuka, ukapata kichefuchefu na kuumwa kichwa. Ukiwa na maradhi ya figo au moyo, daktari ndiye akupangie kiasi.