Kutoka kikaango hadi tairi: kuunganisha klipu zisizohusiana

Chukua klipu nne zilizorundikwa kwenye folda moja: mpishi wa hoteli ndogo karibu na soko la Kibuye jijini Kisumu akizungusha chapati, fundi akizungusha tairi la nyuma la bodaboda iliyosimamishwa kwa stendi, heroe wakitembea Ziwa Nakuru, na mashua ya tanga ikipita ufukwe wa Dunga. Hakuna mtu hata mmoja anayeonekana kwenye klipu mbili. Ukizibandika tu moja baada ya nyingine, mtazamaji ataona picha nne na muziki juu yake. Kinachoweza kuzifunga ni umbo. Jicho likiachwa mahali fulani kwenye skrini, kisha likute umbo lilelile palepale katika klipu inayofuata, linavuka bila kujikwaa.

Tuanze na chapati na tairi, kwa kuwa hapo ndipo wengi huharibu. Wazo la kwanza ni kulinganisha chapati na tairi, kwa sababu zote ni duara. Tazama mwanga, lakini. Chapati ni duara jeupe juu ya chuma cheusi, ilhali tairi ni pete nyeusi yenye mwanga katikati. Ukilinganisha ukingo wa chapati na ukingo wa nje wa tairi, weupe unageuka weusi ghafla kwenye mstari uleule, na mkato unapiga jicho kama kofi. Kinacholingana na tairi ni kikaango chenyewe: ukingo wake mweusi ndio mpira, chapati ndiyo nafasi ya spoki. Kwa hiyo pima kikaango.

Weka klipu ya tairi juu ya klipu ya kikaango katika programu yako ya kuhariri, CapCut au DaVinci Resolve, kisha ushushe Opacity ya klipu ya juu hadi 50. Sasa unaona zote mbili kwa pamoja. Tuseme video ni ya 1920 kwa 1080, kikaango kina upana wa pikseli 760 na tairi 640. Gawanya 760 kwa 640: tairi likuzwe mara 1.19. Kisha lisogeze mpaka vitovu vikutane. Kama kitovu cha tairi kilikuwa pikseli 140 kushoto mwa katikati ya skrini, baada ya kukuzwa kitakuwa 167 kushoto. Kikaango kikiwa katikati, unasogeza klipu pikseli 167 kulia. Klipu iliyokuzwa hivyo ina ziada ya pikseli 182 kila upande, basi ukingo mweusi hautaonekana, ila umebakiwa na nafasi ndogo sana. Ndiyo maana inafaa kurekodi kwa 4K hata kama video ya mwisho ni 1080: unaweza kukuza hadi mara mbili bila picha kufifia. Ukimaliza, rudisha Opacity hadi 100 na uziweke klipu mfululizo.

Mwendo unafuata. Chapati ikizunguka kama mshale wa saa, tairi nalo lizunguke hivyohivyo. Zikipingana, geuza klipu ya chapati kushoto kulia, usiguse ya bodaboda, kwa sababu maandishi kwenye tangi au namba ya usajili yatasomeka kinyume. Kata wakati chapati bado inazunguka na mkono wa mpishi umeshatoka ndani ya duara. Ukingoja isimame, tairi linaloanza kwa kasi litaonekana limechomoka kutoka video nyingine. Acha duara lionekane kwa sekunde nzima kabla ya mkato, na baada yake kamera itulie angalau fremu 12, yaani karibu nusu sekunde kwa video ya fremu 25. Hii pia ndiyo sababu ya kutumia tairi lililo kwenye stendi: bodaboda inayopita inaliondoa duara mahali pake kabla jicho halijalitambua.

Spoki zina mtego wao. Tairi la spoki 36 lina digrii 10 kati ya spoki na spoki. Likizunguka zaidi ya digrii 5 kwa kila fremu, kamera huanza kulionyesha likirudi nyuma au likisimama, na kazi yote ya kulinganisha mwelekeo inapotea. Kwa fremu 25 kwa sekunde, mpaka huo ni kama mzunguko mmoja kwa sekunde 3. Mwambie fundi alizungushe polepole, kama anayetia mnyororo mafuta.

Heroe na mashua havina duara. Vinachoshirikiana ni mstari wa maji. Nyoosha klipu zote mbili mpaka mstari huo ulale sawa na ukae kwenye kimo kimoja cha skrini. Mstari ukiruka hata kidogo, mtazamaji anahisi ziwa limepanda. Usichague heroe wanaoruka. Ndege akivuka skrini kwa sekunde 2 na mashua kwa sekunde 10, ungelazimika kuharakisha mashua mara tano, na mawimbi yatakuumbua. Chagua wanaotembea wakitafuta chakula, wote wakielekea upande mmoja. Kama heroe wa mbele amefika theluthi mbili ya skrini wakati wa kukata, ingiza mashua ikiwa tayari iko theluthi mbili. Kosa la kawaida ni kuianzisha ukingoni kwa sababu hapo ndipo klipu inapoanza. Punguza mwanzo wake bila huruma.

Mikato ya namna hii isizidi miwili au mitatu katika video ya dakika moja. Ikiwa kila mkato umelingana, mtazamaji anaacha kutazama watu na kuanza kusubiri hila inayofuata. Kwingine tumia vina, kama mshairi anavyorudisha sauti mwishoni mwa mstari. Baada ya tairi, acha sekunde 20 au 30 zipite, kisha onyesha gorogoro la omena likitazamwa kutoka juu. Hapa huhitaji kupima pikseli. Duara limerudi, na mtazamaji anaunganisha mwenyewe chakula, kazi na soko. Likirudi mara ya tatu, libebe jambo jipya: gorogoro tupu jioni lina maana zaidi kuliko lingine lililojaa.

Sauti itangulie picha. Ingiza mlio wa mnyororo fremu 6 hadi 10 kabla tairi halijaonekana, ukiwa chini ya mchemko wa mafuta, na sikio litakuwa limeshavuka.

Wengi wa Kisumu wangependa kufungia duara hili kwa jua linalozama upande wa ziwa. Kwa simu ya kawaida halitafanya kazi. Jua lina upana wa nusu digrii tu angani, na lenzi kuu ya simu inaona digrii 60 na zaidi kwa upana, hivyo jua linapata kama pikseli 15 kati ya 1920. Duara kubwa unaloliona kwenye simu ni mng'ao, na ukingo wake haueleweki. Hata lenzi ya 200mm kwenye kamera ya sensa kubwa inalipa jua asilimia 5 tu ya upana wa skrini. Ukilitaka kweli, anza upande wa pili: rekodi kikaango kwa mbali, kiwe kidogo kiasi hicho, au tafuta kitone cha mwanga cha ukubwa huo, kama taa ya mashua ya omena gizani, kiwekwe pale jua lilipokuwa.