Wasifu wa marehemu siku ya hitima

Swali: Asalaam alaykum, Shekhe. Mzee aliyekuwa mlezi wa msikiti wetu hapa Kirumba, Mwanza, amefariki, nami nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake siku ya hitima. Nimeandika kurasa mbili za shukrani na visa, vingine vya kuchekesha, na nimekutumia uzisome. Baadhi ya ndugu wanasema kumsifu maiti ni maombolezo yaliyokatazwa, na kwamba nikilia nitamtesa. Nisome au niache?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah. Soma, mwanangu, na pokea pole yangu, kwani mzee huyo nilimfahamu na kifo chake kimenigusa.

Amepokea Anas bin Malik kwamba jeneza lilipitishwa, watu wakamtaja maiti kwa wema, na Mtume (s.a.w.) akasema: "Imewajibika." Likapita jingine, akatajwa kwa ubaya, akasema vilevile. Umar alipouliza, akajibiwa kwamba wa kwanza imemwajibikia Pepo na wa pili Moto, na kwamba "nyinyi ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi". Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo karatasi uliyoishika ni ushahidi, na shahidi husema alichokiona, basi. Kwa kipimo hicho nimezisoma kurasa zako.

Kilio chako kisikutie hofu. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, akasema kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na kupiga mayowe ya kijahiliya. Na ile hadithi ya maiti kuadhibiwa kwa kuliliwa, wanazuoni wengi wameielekeza kwa yule aliyeusia aombolezwe hivyo, au aliyejua desturi hiyo kwa watu wake asiikataze. Sauti ikikukatika, nyamaza kidogo, au mpe jirani karatasi akumalizie.

Sentensi mbili, hata hivyo, nakuomba uzibadilishe. Umeandika: "Nguzo yetu imeanguka, nani atatulinda sasa?" Abdullah bin Rawaha alipozimia kwa ugonjwa, dada yake alimlilia akimwita mlima wake na kumpamba kwa sifa moja baada ya nyingine. Alipozinduka alimwambia kwamba kila alilolisema, yeye aliulizwa: je, ndivyo ulivyo? Alipokufa kweli, dada hakumlilia tena. Mzee wetu hakuwa mlinzi wetu. Aliyetulinda ni Mola wake na wetu. Andika kwamba alikuwa wa kwanza kufungua msikiti alfajiri, jambo ambalo sisi sote tuliliona.

Ya pili ni "sasa anastarehe Peponi". Uthman bin Madh'un alifia katika nyumba ya Answari, na Ummul-Alaa akashuhudia kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kumkirimu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza amejuaje, kisha akasema kwamba yeye anamtarajia kheri. Basi nawe sema "tunamtarajia kheri", kisha umwombee.

Visa vyako vingi ni vizuri. Kile cha sado ya dagaa kiache kama kilivyo: alivyogundua nyumbani kwamba mama wa mwaloni amempimia sado moja zaidi, akarudi kwenye mvua kuilipia. Kile cha kuwasomesha watoto Alfatiha huku akishona nyavu nacho kisome, na watu wakitabasamu wakikumbuka kwamba sindano yake ikisimama tu, mtoto alijua amekosea, hakuna ubaya, maana Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya mzaha na hakusema ila kweli. Tena umesahau kimoja ninachokipenda mimi: kila tarehe 21 Mei alikwenda makaburi ya Igoma kuwaombea waliozama na MV Bukoba mwaka 1996, bila kumwambia mtu amfuate.

Kisa cha mvuvi aliyelipiwa deni la injini ndicho kinachonitia wasiwasi. Hukumtaja jina, lakini umetaja rangi ya mtumbwi na mwaka, na kwa Kirumba hayo yanatosha kumjua. Mzee alitoa kwa siri, na mvuvi huyo atakuwa ameketi mkekani mbele yako. Mfuate kwanza, umuulize faraghani. Akiridhia, soma, akisita hata kidogo, sema tu kwamba wapo aliowaondolea madeni, na wenyewe watamwombea kimyakimya.

Mwisho, mjane yumo edani kwa miezi 4 na siku 10 na huenda asihudhurie. Mpelekee kurasa hizo nyumbani kabla ya siku yenyewe, asomewe na mmoja wa wanawe. Akisema jambo fulani halikuwa hivyo, lifute. Yeye alimwona mzee siku nyingi kuliko sisi.